Unga wa Sumbawanga na wanunuzi wake wa aina mbili

Mavuno ya mahindi yanapoingia Ufipa, kuanzia Juni hadi Agosti, vinu vya Sumbawanga hujaa magunia. Sehemu ya mzigo huo husagwa papo hapo kuwa sembe na dona, na unga huo mmoja, kutoka mashine moja, hufuata njia mbili. Kuna unaofungwa kwenye mifuko ya kilo 5, 10 na 25, ukapelekwa maduka ya Katandala, Laela na Namanyere. Kuna mwingine unaoingia stoo za shule za bweni, hospitali na kambi za wakandarasi. Wenye vinu wengi huuza njia zote mbili kwa maneno yaleyale na hatua zilezile, na hapo ndipo biashara nyingi nzuri zinapokwama.

Tuanze na nyumbani. Mama wa Katandala anayeishiwa unga jioni huamua akiwa amesimama dukani. Anaangalia weupe wa sembe, bei, na jina la mfuko. Anakumbuka ugali wa juzi: ulishikana au ulimeguka, ulikuwa na harufu au la. Akikosea, hasara yake ni mfuko mmoja, na wiki ijayo atabadilisha bila kumweleza mtu. Kwa mnunuzi kama huyu ujumbe lazima uwe mfupi, nao uko kwenye mfuko wenyewe: jina linalosomeka kwa mbali, alama ya ubora ya TBS, uzito, na unga ambao akiufungua utafanana na ule alioupenda. Redio ya mkoa, gari la kipaza sauti siku ya mnada na ukuta wa duka uliopakwa rangi ya mfuko vyote vina kazi moja, kumfanya akumbuke jina kwa sekunde zile chache za kuamua.

Lakini kinu hakimuuzii mama huyo moja kwa moja. Kati yao yuko mwenye duka, naye ananunua kwa hesabu nyingine kabisa. Hamwulizi muuzaji kama unga ni mweupe. Anauliza mfuko mmoja unamwachia shilingi ngapi, mzigo unaisha kwa siku ngapi, mifuko iliyochanika inarudishwa au la, na kama atapewa mali kauli, yaani achukue sasa alipe akishauza. Kwa hiyo hata unga wa nyumbani hupitia kwanza mikononi mwa mfanyabiashara. Msambazaji anayemsifia mwenye duka ladha ya ugali amekosea mtu. Ladha ataihukumu mteja, na mwenye duka anataka kujua mzigo huu hautalala kwenye shelfu hadi uingie fukusi.

Sasa tuvuke kwenda stoo ya shule. Tuseme ni sekondari ya bweni yenye wanafunzi 600, kila mmoja akila nusu kilo ya unga kwa siku. Hiyo ni kilo 300 kwa siku, tani 9 kwa mwezi. Hapa hakuna mtu mmoja anayesimama dukani na kuamua. Mkuu wa shule anabeba lawama chakula kikikosekana. Ofisa ununuzi anataka taratibu zifuatwe. Mhasibu anatazama bajeti. Mtunza stoo hupokea na kupima. Mpishi hujua kama unga unaiva sawasawa kwenye sufuria kubwa au unaacha mabonge. Mpishi hana saini yoyote kwenye mkataba, lakini akisema unga huu haufai, mkataba ujao una shida. Muuzaji anayefahamu kazi yake humpelekea mpishi gunia la majaribio mapema, kabla hata ya zabuni kutangazwa, na baadaye hurudi kumsikiliza.

Mzunguko wa ununuzi nao ni mrefu. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na mwaka wa masomo huanza Januari. Taasisi ya umma hupanga mahitaji yake, hutangaza zabuni kwenye mfumo wa NeST uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023, hupokea maombi, hutathmini, hutoa taarifa ya kusudio la kumpa mzabuni kazi, kisha husaini mkataba. Baada ya hapo unga hauletwi wote kwa mara moja. Huitwa kwa oda, hukaguliwa mlangoni, ankara huandikwa, na malipo husubiriwa. Kinu kinachosikia habari za zabuni siku ya tangazo kimekwisha kuchelewa, kwa sababu leseni, TIN, hati ya kodi na cheti cha TBS havipatikani kwa wiki moja. Kazi ya masoko hapa huanza miezi kadhaa nyuma, kwenye droo ya makaratasi.

Ujumbe wa kumwambia mnunuzi huyu unatokana na kile anachokiogopa. Mama wa Katandala anaogopa kupoteza mfuko mmoja. Mkuu wa shule anaogopa wanafunzi 600 kuumwa tumbo kwa siku moja, au kukosa chakula Jumatatu asubuhi. Weupe wa unga unamgusa kidogo sana. Anachotaka ni uthibitisho kwamba gunia la arobaini litafanana na la kwanza, kwamba kilo 50 ni kilo 50 kwenye mizani, na kwamba lori litafika siku iliyoandikwa hata mvua ikinyesha.

Uthibitisho huo hauanzii kwenye mashine. Huanzia kwenye mahindi, wakati wa kuyapokea. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu aina ya aflatoksini isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni kwa jumla. Ufipa ni nyanda za juu zenye ubaridi. Mahindi yakivunwa mapema na kuanikwa ardhini bila turubai, nje huonekana makavu wakati kiini bado kibichi, na kuvu huanza kazi ndani ya gunia. Mpokeaji makini huchoma bambo kwenye gunia juu, katikati na chini, kwa sababu juu ndipo muuzaji huweka mahindi mazuri. Kisha hupima kwa mashine ya unyevu. Asiye na mashine hutia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, akatikisa na kusubiri. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15 na mzigo haufai kuwekwa. Lakini chupa haioni sumukuvu. Hiyo inahitaji kipimo chake, na matokeo yake ndiyo karatasi yenye thamani kuliko tangazo lolote la redio.

Machi 2021 uliwafunza hilo wafanyabiashara wa nafaka wa eneo zima. Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda ikitaja sumukuvu. Siku chache baadaye iliruhusu tena kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kiwango cha sumukuvu na hati ya mahali ulikotoka. Mahindi yalikuwa yaleyale, ila aliyekuwa na karatasi alivuka mpaka na asiyekuwa nayo alibaki na mzigo. Hakuna mama wa nyumbani aliyewahi kuomba cheti hicho dukani.

Biashara ikizidi kuwa kubwa, wanunuzi hupungua na mazungumzo hurefuka. Zambia ilipopigwa na ukame mwaka 2024, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulikubaliana kuiuzia tani 650,000 za mahindi. Mnunuzi alikuwa mmoja, serikali na serikali, na mazungumzo yalihusu ubora, bei, magunia na usafiri. Kwa Rukwa habari hiyo ilikuwa ya jirani kabisa. Ghala za NFRA ziko Sumbawanga, na barabara ya lami inashuka hadi Tunduma, mpakani, kilomita zaidi ya 200.

Mfano mzuri wa namna ujumbe unavyogeuka kulingana na mnunuzi unatoka kwenye vinu vyenyewe. Shirika la Sanku, linalofanya kazi Tanzania, lilitaka vinu vidogo viongeze vitamini na madini kwenye unga. Mwenye kinu anaweza kukubali kwamba lishe ni jambo jema, lakini virutubishi vina gharama, na mteja wake wa dukani halipi zaidi kwa kitu asichokiona. Sanku ikageukia mifuko. Hununua mifuko mitupu kwa wingi, kwa bei nafuu, na kuwauzia wenye vinu kwa bei waliyozoea, na tofauti hiyo ndiyo inayogharamia virutubishi. Kwa mwenye kinu hoja ikawa mfuko na hesabu yake, na kwa mlaji ikabaki afya. Nauona ni ujuzi mkubwa wa masoko, kwa sababu aliyeupanga alikaa kwanza na daftari la mwenye kinu.

Njia za kumfikia mnunuzi wa taasisi nazo ni chache na za ana kwa ana. Kuna kumtembelea ofisini, kumwalika kinuni aone mahindi yanavyopokewa, kumpelekea sampuli, na kukutana kwenye Nanenane ya Nyanda za Juu Kusini katika uwanja wa John Mwakangale, Mbeya. Zaidi ya yote kuna mdhamini wa neno, mkuu wa shule nyingine anayepigiwa simu na kuulizwa kama huyu huleta mzigo kwa wakati. Gari la kipaza sauti halimfikii mtu yeyote kwenye kikao cha tathmini.

Mpaka huu kati ya nyumbani na biashara si kamili. Mkulima wa Ufipa anayenunua mbegu ya mahindi anafanya biashara, maana mbegu ni mtaji wa msimu mzima, lakini ananunua dukani kama mwananchi mwingine. Yeye huaminishwa na shamba darasa la jirani. Anaona mwezi Aprili mahindi yaliyosimama vizuri, anauliza jina la mbegu, na ananunua Novemba. Kampuni inayomtangazia Oktoba tu imekuja mwishoni mwa uamuzi wake.

Turudi kwenye tani 9 za mwezi, kwa sababu mkataba kama huo una upande unaoweza kukifilisi kinu. Kwa sembe, mahindi ya kilo 100 hutoa takribani kilo 70 za unga, kwa hiyo tani 9 zinahitaji karibu tani 13 za mahindi, magunia 130 ya kilo mia. Ankara ikiandikwa mwisho wa mwezi na kulipwa baada ya siku 60, kinu kitakuwa kimenunua mahindi ya miezi mitatu, magunia 390, kabla ya kupokea malipo ya kwanza. Pumba huuzwa kwa wafugaji kwa fedha taslimu na kupunguza makali, lakini haifiki hata karibu na pengo hilo. Duka la Katandala, hata likichukua mali kauli, hulipa baada ya wiki moja au mbili. Ndiyo maana mwenye kinu mwenye mtaji mdogo hufanya vyema kuchukua shule moja badala ya tatu, kununua mahindi yake Julai bei ikiwa chini, na kuacha fedha za madukani zilipe umeme, mishahara na mafuta ya lori hadi hundi ya shule iingie.