Mwaka Uliofutwa Katika Hotuba ya Mahafali

Wakenya wengi waliohitimu vyuo vikuu mwaka 2025 walikuwa kidato cha nne mwaka 2020. Kiongozi wa kikundi cha vijana akisimama mbele yao azungumzie uvumilivu, hana haja ya kutafuta visa vya mbali. Akitaja tu tarehe za mwaka ule, ukumbi mzima utajua anasema nini.

Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020 kwa sababu ya korona. Watahiniwa walikwenda nyumbani wakitarajia kurudi upesi. Julai, Waziri wa Elimu George Magoha akatangaza kwamba mwaka huo wa masomo umepotea na kila mwanafunzi angerudia darasa Januari. Baadaye uamuzi ukabadilika: Oktoba 12, kidato cha nne wakaitwa darasani ghafla. Mtihani wa KCSE, ambao kwa kawaida huisha Novemba, ukafanywa Machi na Aprili 2021.

Kipindi kigumu zaidi kilikuwa kile cha kati ya matangazo hayo mawili. Kijana aliyeambiwa hana mtihani mwaka huo alikuwa na sababu ya kutafuta kibarua: kubeba mchanga, kuendesha bodaboda ya jirani, kuuza mboga. Alipoitwa Oktoba, alikuwa ameanza kutegemewa nyumbani, na kurudi shuleni kulimaanisha mlo kupungua. Kwa msichana aliyepata ujauzito, uamuzi ulikuwa mzito zaidi.

Hapo ndipo hotuba nyingi huteleza. Msemaji huwasifu waliofika kwa bidii yao, kana kwamba walioacha walikosa bidii. Tuseme kiongozi ana dakika tano. Akitumia mbili kueleza nani alimlipia mwenzake karo, nani alimlelea mtoto mama akiwa darasani na mwalimu gani alimfuata mwanafunzi hadi kwenye steji ya bodaboda, wasikilizaji wataona uvumilivu ulivyofanya kazi. Ulikuwa mzigo uliobebwa na wengi.

Dakika zilizobaki ni za wasiovaa joho, kwa kuwa nao wamo ukumbini, wamekuja kushangilia ndugu zao. Tangu 1994 sera ya Kenya inamruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni. Aliyekatizwa masomo ya sekondari anaweza kujisajili kufanya KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi, ila ada ya mtihani atajilipia mwenyewe, na wengi hukwama hapo. Akiba ya kikundi inaweza kulipa ada hiyo, mradi wanachama wakubaliane mapema, kwa sababu usajili hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani. Kiongozi aliyejiandaa atamaliza kwa kutaja jina la mweka hazina, siku ya mkutano ujao na stakabadhi za kubeba.