Shukrani Zinazotosha Dakika Moja

Machi 24, 2019, mwalimu wa Kenya Peter Tabichi alitangazwa mjini Dubai kuwa mshindi wa Tuzo ya Kimataifa ya Mwalimu, yenye thamani ya dola milioni 1. Alipopewa nafasi ya kusema, alieleza kwamba amefika pale kwa sababu tu ya mambo waliyoyafanya wanafunzi wake. Mambo yenyewe yalijulikana: vijana wa shule ya Keriko, huko Njoro katika kaunti ya Nakuru, walikuwa wamebuni kifaa cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu, katika shule yenye kompyuta moja.

Tuzo nyingi hazitolewi Dubai. Hutolewa ukumbi wa kata, kanisani, msikitini, au kwenye sherehe ya chama cha wanakijiji waliohamia mjini. Siku hizi mshindi asiyeweza kufika huombwa atume video fupi ionyeshwe ukumbini, na hapo ndipo watu wazuri hukwama. Anayezungumza jukwaani husema itifaki imezingatiwa na kuendelea. Anayejirekodi peke yake chumbani huogopa kumsahau mtu, basi huanza kutaja vyeo.

Tuchukulie mhudumu wa afya ya jamii anayetuzwa kwa kuwatembelea wajawazito. Andiko lake la kwanza linamshukuru mkuu wa wilaya, mganga mkuu, diwani, watendaji, kamati ya maandalizi, wafadhili, familia, ndugu, jamaa na marafiki. Dakika imekwisha, na hakuna hata mmoja aliyetajwa kwa jambo alilolifanya. Kosa lake si urefu peke yake. Maneno hayo angeweza kuyasoma mshindi yeyote wa tuzo yoyote, na msikilizaji huligundua hilo haraka.

Dawa yake ni kuchagua watu watatu tu na kusema kila mmoja alifanya nini. Andiko la pili laweza kuwa hivi:

“Habari za jioni. Namshukuru Mungu, na nawashukuru nyote mlionichagua. Mmenituza kwa kuwatembelea akina mama, lakini sikuwa natembea peke yangu. Yupo kijana wa bodaboda pale stendi. Usiku wa mvua alimfikisha mama mwenye uchungu zahanati, na nauli akaikataa. Yupo nesi aliyepokea simu zangu hata siku zake za mapumziko. Na yupo mama mkwe wangu, aliyewalisha wanangu kila nilipochelewa. Kwenu watatu, ahsanteni sana. Jumatatu naendelea na nyumba za mtaa wa juu.”

Hayo ni maneno yasiyozidi 75, na kwa mwendo wa utulivu hayafiki dakika moja. Mungu ametajwa, kama inavyostahili kwetu, na wachaguzi wamepata sentensi yao. Viongozi hawajadharauliwa: mshehereshaji atawatambua ukumbini kwa mpangilio wao. Katika video halisi wale watatu watajwe kwa majina, baada ya kuulizwa kama wanaridhia. Yule mama aliyekuwa na uchungu asitajwe jina wala nyumba, kwa maana siri ya mgonjwa haiishi kwa sababu hadithi yake ni nzuri.

Kurekodi hakuhitaji studio. Mshindi akae akielekea dirisha. Mwanga ukiwa nyuma yake, uso utakuwa kivuli. Simu ilazwe kwa upana, iegemezwe kwenye kitu imara usawa wa macho, umbali wa mkono mmoja hivi, maana ikienda mbali sauti hupotea na mwangwi wa chumba huingia. Feni na redio vizimwe. Anyamaze sekunde mbili kabla ya kuanza na mbili baada ya kumaliza, ili anayeunganisha video asikate salamu.

Wengi huharibikiwa kwenye kusoma. Karatasi ikishikwa mapajani, macho hushuka na kupanda, na sauti hufuata mistari badala ya maana. Ni afadhali kuandika maneno matatu tu, “boda, nesi, mama”, kwa herufi kubwa, na kuyabandika karibu kabisa na kamera. Sentensi zitabadilika kidogo kila anaporudia, na hilo halina ubaya wowote. Sauti ikitetemeka anapofika kwa mama mkwe, asifute. Kinachofaa kurudiwa ni jina lililokosewa au jogoo aliyemmeza mtu maneno.

Akimaliza, aitazame mara moja akiwa amezima sauti, aone macho yanaelekea wapi, kisha aisikilize bila kutazama, ajue kama kila jina linasikika. WhatsApp hubana video inayotumwa kwa njia ya kawaida, na kwenye skrini kubwa ya ukumbi picha huonekana na ukungu. Ikitumwa kama faili, kwa njia ile ile ya kutuma nyaraka, hufika na ubora wake. Ifike angalau siku moja kabla, fundi mitambo apate muda wa kuijaribu kwenye spika za ukumbi.