Dawa Yenye Saa Yake

Huku kwetu Kinole mzee akianza kutetemeka mkono na kuburuta miguu, watu husema, "Ni uzee." Mara nyingi si uzee. Ni ugonjwa wa Pakinsoni, ulioandikwa habari zake mwaka 1817 na mganga wa London, James Parkinson. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, waganga walipotafuta wagonjwa nyumba kwa nyumba mwaka 2005, waliona kwamba wengi wao hawakuwa wamepata kuambiwa jina la ugonjwa wao.

Asili yake ni kwamba chembe fulani za ubongo hufa kidogo kidogo, nazo ndizo zitengenezazo dopamini, yaani kitu kiuwezeshacho mwili kwenda upendavyo. Dawa iliyo kuu ni levodopa, ambayo huchanganywa na karbidopa katika kidonge kimoja. Ikifika ubongoni hugeuka kuwa dopamini. Lakini haikai damuni: kila saa moja na nusu hivi nusu yake imekwisha.

Miaka ya kwanza mgonjwa haoni shida, kwa maana chembe zilizosalia huweka akiba. Zikipungua, akiba nayo hupungua, na kila kidonge humchukua saa tatu au nne tu. Kabla ya kidonge cha pili, kutetemeka na kukakamaa hurudi. Wengine hutokwa na jasho au hushikwa na hofu. Huko ndiko kufifia kwa dawa. Njia ya kukujua ni kuandika kila siku saa ya kidonge, saa ya chakula, na saa mwili ulipokuwa mzito. Daktari akiusoma mwandiko huo aweza kuzikaribisha saa za dawa. Mgonjwa asijiongezee mwenyewe, kwa kuwa dawa ikizidi mwili hujipinda na kuchezacheza bila kutaka.

Tutwae mfano wa mzee mmoja anywaye dawa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 na saa 12 jioni. Kila adhuhuri, saa 7 u nusu, hula ugali na maharage, na kidonge cha saa 8 hakimfai kitu. Sababu ni hii: protini ya maharage, nyama, samaki na maziwa, ikisagwa tumboni, hupita utumboni na kuingia ubongoni kwa mlango ule ule upitao levodopa. Wakifika pamoja husongamana, na dawa hubaki nje. Basi mzee ale saa 6, au ameze kidonge saa 8 kwa maji na kungoja nusu saa hata saa nzima ndipo ale. Dawa ikimletea kichefuchefu, ale kipande cha ndizi au muhogo pamoja nayo, wala si maziwa. Lakini asiache maharage kabisa, maana atakonda na kudhoofika. Yafaa sehemu kubwa ya protini iwe chakula cha jioni.

Sasa mzee huyu ateleza saa 3 asubuhi kwenye njia ya mlimani, avunjika paja. Achukuliwa kwa machela hata barabarani, kisha kwa gari hata hospitali. Katika haraka ile vidonge vimesahauliwa nyumbani. Kidonge cha saa 4 kimepita, na cha saa 8. Jioni aambiwa asile wala asinywe, kwa kuwa atapasuliwa kesho. Cha saa 12 nacho kimepita. Asubuhi amekuwa kama gogo: hasemi, hageuki, na maji yampalia. Kilichopalia chaweza kushuka mapafuni na kuleta nimonia. Dawa ikikatika ghafula, mwili waweza kukakamaa mno, homa kali ikapanda na akili ikachafuka, hata mtu akafa. Na atazamaye upesi aweza kudhani ni malaria.

Kwa hiyo jamaa wachukue vidonge pamoja na mgonjwa, na karatasi yenye jina la dawa, kipimo na saa zake. Wamwambie muuguzi tangu mlangoni kwamba dawa hii haingojei zamu ya kugawa dawa, bali itolewe isichelewe kupita nusu saa. Akikatazwa chakula kwa ajili ya kupasuliwa, waulize kama aweza kumeza kidonge kwa maji kidogo, maana mara nyingi yaruhusiwa. Asipoweza kumeza, daktari aweza kuipitisha dawa kwa mpira wa puani hata tumboni. Akitapika au kuweweseka, wakumbushe kwamba ana Pakinsoni, kwa kuwa metoklopramidi ya kuzuia kutapika, na haloperidoli ya kutuliza, huziba kazi ya dopamini na kumkakamaza zaidi.

Karatasi hiyo iandikwe leo na kufungwa pamoja na vidonge, kwa maana siku ya machela hakuna aikumbukaye.