Embe la jioni na hesabu ya maji

Desemba, matenga ya maembe kutoka Mkuranga na Rufiji yanapofurika Temeke Stereo, bei hubadilika kwa saa. Tenga lililokataliwa punguzo asubuhi huachiwa jioni kwa pesa yoyote, kwa kuwa embe lililoiva halisubiri kesho. Anayetaka kukausha ziada hiyo aanzie hapo. Wengi hukosea kwa kungoja yaliyokwisha kupondeka, ilhali embe lililochacha hukauka na uchachu wake. La kununua ni lililoiva lakini bado linakaza kidoleni.

Kisha ipigwe hesabu ya maji. Katika kilo 100, maganda na kokwa huchukua karibu 40. Nyama inayobaki ni maji zaidi ya asilimia 80, hivyo mkaushaji makini hupata kilo 8 hadi 10 za vipande vikavu. Tuseme amepata 9. Akinunua kilo kwa shilingi 300, embe pekee limemgharimu takriban shilingi 3,300 kwa kila kilo kavu, kabla ya vibarua, mifuko na nishati. Akinunua kwa 800, gharama hiyo inakaribia 8,900. Ndiyo maana nasema biashara hii huamuliwa sokoni, kabla kisu hakijashikwa.

Tatizo kubwa la Pwani ni kwamba maembe hujaa wakati mvua za vuli hazijaisha na hewa ina unyevu. Kaushio la jua peke yake husimama siku ya mawingu, na vipande vilivyobaki ndani usiku huota ukungu. Linahitajika jiko la akiba, au umeme, la kushika nyuzijoto kati ya 55 na 65. Moto ukizidishwa mapema ili kuwahi, ngozi ya kipande hukakamaa na kufungia maji ndani. Mzigo huonekana mkavu, ukafika kwa mteja umeota ukungu. Kipimo chake ni rahisi: vipande vilivyopoa vifungwe kwenye mfuko mwangavu usiku kucha. Mvuke ukionekana asubuhi, virudishwe kaushioni.

Hata hivyo, trei haziwezi kumeza matenga yote ya wiki moja ya msimu. Hapo ndipo chumba cha baridi kinapofaa, kwa nyuzijoto 13 hivi. Chini ya hapo embe hupata madoa na haliivi sawasawa. Nchini Nigeria, ColdHubs hujenga vyumba vya umeme wa jua sokoni na kutoza kwa kreti kwa siku, mfanyabiashara asilazimike kununua mtambo. Kwa mkaushaji wa Temeke, malipo ya namna hiyo yangemwezesha kununua jioni ya bei ya chini, akaendelea kumenya kwa siku kadhaa, kadiri trei zake zinavyoachwa wazi.