Kuku wa Barafu na Joto la Ukambani

Naipinga desturi ya kumwacha kuku aliyegandishwa mezani tangu asubuhi. Barafu huyeyuka kuanzia nje: ndani kungali kugumu, ilhali ngozi imekwisha kupata joto la chumba, ambalo Kitui na Makueni mwezi Februari hukaribia nyuzi 30. Hapo bakteria kama salmonela huzaana upesi, nasi hatuna jicho wala pua ya kuwatambua.

Heri awekwe jokofuni, chini, ndani ya bakuli. Kuku wa kilo 2 huchukua takriban saa 24. Mwenye haraka amzamishe katika maji baridi, ndani ya mfuko usiopenya, akiyabadilisha kila nusu saa, kisha ampike mara moja. Penye uhaba wa maji, vipande vichemshwe vingali na barafu, kwa muda uliozidi ule wa kawaida kwa nusu.