Oda ya Tani Mia Inayoanza kwa Kuomba Ada

Tuseme barua pepe imemfikia katibu wa kikundi cha wakulima wa viungo Muheza. Kampuni ya Dubai inataka tani 100 za pilipili manga kila mwezi, bei yoyote watakayotaja, na nusu ya malipo itatangulia. Kabla ya mkataba watume kilo tano za sampuli, dola 180 za kusajiliwa kama wauzaji, na dola 75 za kumlipa wakala atakayepitia kifurushi.

Dola 255 mbele ya oda kama hiyo ni kiasi ambacho kikundi kinaweza kuchangishana jioni moja. Ndiyo maana kimetajwa hicho.

Tuanze na oda yenyewe. Kontena la futi 20 hubeba takriban tani 13 za pilipili manga, kwa hiyo tani mia ni karibu makontena nane kila mwezi, kutoka kwa watu ambao mnunuzi hajawauliza wanavuna kiasi gani. Hajauliza unyevu wala uzito wa punje kwa lita, na mfanyabiashara wa pilipili manga huanzia hapo: anataka gramu 500 kwa lita, au 550? Asiyejali bei wala ubora hana mpango wa kupokea mzigo.

Sampuli peke yake si dalili ya utapeli. Mnunuzi halali huiomba pia, ila gramu mia chache zinamtosha kwa maabara; kilo tano ni bidhaa ya kuuza, hasa barua ikiwa imetumwa kwa vikundi ishirini. Hata gharama ya kuituma muuzaji anaweza kuibeba. Tazama tu pesa inapokelewa na nani. Ukienda mwenyewe ofisi ya usafirishaji, ukalipa dirishani na kupewa risiti yenye namba ya kufuatilia kifurushi, hiyo ni gharama ya biashara. Ukiambiwa utume pesa hiyo kwenye simu ya "wakala", umeibiwa.

Ada ya usajili haina utetezi: mnunuzi hamtozi muuzaji ili anunue kwake. Ada za Serikali zipo, kama ya cheti cha afya ya mimea kinachotolewa na TPHPA, lakini hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, si kwa jina la mtu.

Ukishalipa, zitafuata ada ya mwanasheria na bima, kila moja ikiitwa ya mwisho. Usitume nyingine ukidhani utaikomboa ya kwanza. Piga simu mara moja kwa mtandao uliotumia kutuma pesa, uombe muamala uzuiwe, kisha peleka barua hizo polisi. Namba ya simu ya tapeli iripoti TCRA kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.