Dereva wa shule ni wa nani?

Mwalimu akimdhuru mwanafunzi, angalau inajulikana yeye ni wa nani. Ana faili, ana cheti, na juu yake ipo mamlaka inayoweza kumzuia asifundishe tena. Mpishi, dereva na mlinzi wa lango hawana kitu cha namna hiyo, na mashauri yao hupotelea hapohapo.

Tazama uji. Mary's Meals walianza kulisha watoto wa shule nchini Malawi mwaka 2002, na tangu hapo masufuria yao hukorogwa na wazazi wa kijijini wanaojitolea kwa zamu. Mpishi wa aina hiyo hana mkataba, kwa hiyo hakuna pa kumfukuza zaidi ya kumtoa kwenye zamu. Mlinzi mara nyingi ni mtu wa kamati ya shule. Dereva wa gari lenye nembo ni wa shirika. Dereva wa minibasi inayowabeba watoto Lilongwe huenda ni wa mwenye gari tu: asubuhi anapeleka wanafunzi, saa nne yuko stendi anaita abiria. Ukiuliza ofisini unajibiwa kwamba huyo si mfanyakazi wetu, na jibu hilo mara nyingi ni la kweli.

Ndiyo maana malalamiko yana njia mbili, na wazazi wengi huzichanganya. Ya kwanza ni njia ya kazi: atoke hapa, asikaribie watoto. Hiyo inategemea nani anamlipa. Ya pili ni ya jinai, na hiyo haijali mwajiri hata kidogo. Dereva aliyeondolewa kimyakimya shule moja anaweza kuwa nyuma ya usukani wa shule nyingine Jumatatu ijayo. Kitakachomfuata ni jalada la polisi.

Si kila jambo ni la polisi mara moja. Mpishi anayewanyima uji watoto ambao hawakuleta kuni, au anayewatukana kwa kabila lao, apelekwe kwanza kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, kwa maandishi. Wakinyamaza, juu yao yupo mshauri wa elimu wa eneo, kisha ofisi ya elimu ya wilaya. Kwa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wilaya hiyo ni Dowa. Lakini shauri la mlinzi aliyemjeruhi mtoto, au la mtu yeyote aliyemgusa mtoto kingono, halisubiri kikao cha kamati.

Tuchukue mfano wa kubuni, ila wa kawaida. Mama mkimbizi anauza nguo za mitumba soko la Tsoka, Lilongwe. Binti yake wa miaka minane hurudi kwa minibasi, na yeye ndiye wa mwisho kushushwa. Wiki ya tatu anaanza kukataa kupanda gari, anakojoa kitandani, na Alhamisi jioni anasema, "Dereva ananichezea."

Kosa la kwanza ambalo mama anaweza kulifanya, tena kwa mapenzi, ni kumhoji mtoto kama hakimu: lini, mara ngapi, kwa nini hukusema? Baada ya hapo anaitwa shangazi, mtoto arudie. Kisha mchungaji. Kisha mwalimu mkuu anamleta dereva waonane uso kwa uso. Mtoto wa miaka minane akisimulia mara tano hubadilisha maneno, na wakili wa dereva atayashika mabadiliko hayo. Inatosha kumwambia, "Umefanya vizuri kuniambia," kusikiliza alichokitoa mwenyewe, na kuandika maneno yake usiku uleule: siku, saa, mahali, na alivyosema kwa lugha aliyosemea. Mwalimu aliyeambiwa na mtoto afanye hivyohivyo. Kazi yake ni kupokea na kupeleka mbele. Uchunguzi si wake.

Suala la lugha ningependa nilikazie, maana wasemaji wa Kiswahili nchini Malawi huumia hapa zaidi ya popote. Kwenye kituo cha polisi maelezo huandikwa kwa Kichewa au Kiingereza. "Ananichezea" ikipelekwa moja kwa moja inakuwa *kusewera*, na kusewera ni mchezo wa watoto uwanjani. Shtaka limekwisha kabla halijaanza. Tena *anandigwira* ni "alinishika", lakini *anandigwiririra* ni "alinibaka". Mkalimani mwenye haraka anaweza kuongeza uzito usiokuwepo au kuuondoa uliokuwepo. Mama aombe maneno ya Kiswahili ya mtoto yaandikwe yalivyo kwanza, tafsiri ifuate, asomewe yote kabla ya kutia saini. Na mkalimani asiwe jamaa wa dereva wala jirani yake. Kambini, ambako watu wa kijiji kimoja cha Kivu wanaweza kukaa mtaa mmoja, hilo si la kudhania.

Kuhusu mwili, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72. Mtoto asiogeshwe kabla ya kuonwa na daktari, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi bila kufuliwa, kwa sababu nailoni hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Lilongwe, Hospitali Kuu ya Kamuzu ina kituo kinachowaleta pamoja daktari, polisi na ofisa wa ustawi wa jamii, ili mtoto asizungushwe. Daktari asipoona jeraha, haina maana kwamba mtoto amesema uongo. Kushikwashikwa mara nyingi hakuachi alama.

Polisi wenyewe wana kitengo cha kuwahudumia waathirika. Ila tusijifanye hatujui. Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waishio mijini warudi Dzaleka, na Mei yake polisi waliwakamata watu Lilongwe, watoto wakiwemo. Mama wa Tsoka asiye na kibali cha kukaa mjini anaona akiingia kituoni kama mlalamikaji atatoka kama mshtakiwa. Kwake, simu ya bure 116 ya YONECO, ambayo ni ya watoto, au mlango wa hospitali, ni mwanzo mwepesi kuliko kaunta ya polisi.

Kama dereva ni wa shirika linalohudumia kambi, kuna mlango wa ziada. Mwaka 2002 UNHCR na Save the Children ya Uingereza zilitoa taarifa kuhusu wafanyakazi wa misaada waliowatumia watoto wakimbizi kingono huko Guinea, Liberia na Sierra Leone. Oktoba 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akatoa waraka: ngono na mtu aliye chini ya miaka 18 ni marufuku kwa wafanyakazi wake, sheria ya nchi iseme lolote, na kusema "nilidhani ni mkubwa" si utetezi. Mashirika yanayofanya kazi kwa mkataba na Umoja huo hutakiwa kukubali masharti hayohayo, na dereva wao yumo. Asiyeamini sanduku la malalamiko la kambini anaweza kuandika kwa inspector@unhcr.org, hata bila kutaja jina lake. Njia hiyo inaweza kumwondoa mtu kazini; kumfunga haiwezi.

Huko mtaani, wakati huohuo, wazee watakuwa wamekwisha fika na bahasha. Familia ya dereva inaomba yaishe kinyumbani, italipa matibabu. Mama aelewe kwamba kesi ya jinai ni ya serikali, si mali yake aiuze, na pesa akizipokea zitatajwa mahakamani kuonyesha alikuwa anatafuta faida.

Shauri lililokwama hutambulika mapema. Hujapewa namba ya jalada, hujui jina la askari anayelishika, na kila unapokwenda unaambiwa mtoto aje tena aeleze. Hapo mama arudi na daftari lake, aombe namba na jina, aviandike mbele yao pamoja na tarehe, kisha avipeleke kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya. Na dereva, je, bado anaendesha? Asimame saa saba na nusu nje ya lango la shule, aone nani anafungua mlango wa minibasi.